Dafu au ORS: kinachotoka tumboni na kinachorudi

"Shikamoo dokta. Niko Uyole, Mbeya. Mwanangu ana miaka mitatu, kilo 13, anaharisha tangu juzi. Jana alikwenda choo mara saba, maji matupu. Zahanati walitupa ORS na vidonge vya zinki. Zinki anameza, ORS anaikataa, anasema ni chumvi. Mama mkwe anasema tuachane nayo tumpe maji ya dafu, yanauzwa Mwanjelwa, eti ndiyo dripu ya asili. Baba mkwe naye tumbo limeanza kumwendesha, ana presha, anaogopa chumvi ya ORS na yeye anataka dafu. Dafu linaweza kushika nafasi ya ORS?"

Marahaba dada, poleni kwa kuuguliwa. Kwa kuwa mtoto hasubiri, nianze na la haraka: kwa mtoto anayeharisha maji, dafu haliwezi kushika nafasi ya ORS, ila linaweza kukaa pembeni yake. Mpe ORS kila baada ya choo chepesi, na dafu awe nalo kidogo katikati akilipenda. Kwa baba mkwe nina hofu zaidi ya dafu kuliko ya ORS, na nitaeleza kwa nini.

Mama mkwe wako hajatunga hadithi. Madaktari wamewahi kuyatia maji ya dafu kwenye mshipa wa mgonjwa pale dripu zilipokosekana kabisa, na taarifa ya mgonjwa mmoja wa Visiwa vya Solomon iliandikwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 2000. Hiyo ilikuwa dharura ya watu wasiokuwa na kitu kingine mkononi. Nyinyi mna pakiti ya ORS mezani, kwa hiyo swali lenu ni jingine: mtoto amepoteza nini, na kila kinywaji kinamrudishia nini katika hivyo alivyopoteza.

Choo cha maji si maji peke yake. Ndani yake kuna madini mawili ninayotaka uyaangalie leo, sodiamu na potasiamu. Sodiamu ni ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, na mwilini kazi yake kubwa ni kuyashika maji ndani ya damu na katika nafasi zilizo nje ya seli. Ikipungua, maji hayakai kwenye mzunguko hata ukinywa mtungi. Potasiamu yenyewe hukaa zaidi ndani ya seli, kwenye misuli na kwenye moyo. Mtoto aliyeipoteza kwa wingi hulegea, tumbo lake hujaa gesi na kuvimba, utumbo hukosa nguvu ya kusukuma. Yote mawili ni ya kurudishwa. Lakini kinachomuua mtoto wa kuharisha katika siku hizi za mwanzo kwa kawaida ni kupungua kwa maji kwenye mzunguko wa damu, na hapo sodiamu ndiyo inayoamua.

Sasa tuchukue choo cha mwanao wa jana. Mara saba, na tuseme kila mara nusu kikombe cha chai, kama mililita 100. Jumla ni mililita 700. Sijui ni kijidudu gani kilichomwingia, na kila kijidudu kina choo chake: kuharisha kwa virusi vya rota hutoa sodiamu kidogo, kipindupindu hutoa nyingi sana, bakteria wengine wako katikati. Nikichukua kipimo cha katikati, lita moja ya choo cha namna hiyo huwa na sodiamu kama miligramu 1150 na potasiamu kama 1450. Kwa mililita 700 ni sodiamu kama miligramu 800 na potasiamu kama 1000. Hicho ndicho kilichotoka jana, achilia mbali cha juzi.

Angekunywa ORS mililita 700, angepata sodiamu kama miligramu 1200 na potasiamu kama 550. Angekunywa dafu kiasi hichohicho, potasiamu ingekuwa miligramu 1400 au zaidi, yaani kupita ile aliyoipoteza. Sodiamu ya dafu ndiyo yenye kigeugeu. Yapo madafu ambayo lita nzima ina miligramu 100 tu au hata chini ya hapo, na zipo jedwali za vyakula zinazoandika karibu 1000. Inategemea udongo, umbali wa mnazi na bahari, aina ya mnazi, na umri wa tunda. Kwa hiyo katika mililita 700 mwanao angeweza kupata sodiamu miligramu 70, na angeweza kupata 700. Dafu lile la bahati lingekaribia kumtosha; lile lingine lisingempa hata sehemu ya kumi. Ukiwa umesimama sokoni hakuna namna ya kuyatofautisha, kwa macho wala kwa ulimi, kwa sababu utamu wa sukari hufunika kila kitu.

Utauliza, mbona basi ORS inatoa sodiamu zaidi ya iliyopotea na potasiamu pungufu? Kuhusu potasiamu, upungufu huo hujazwa na chakula, nitarudi hapo. Kuhusu sodiamu, kuna mambo mawili. Mtoto anadaiwa ya juzi pia, si ya jana pekee, na ikizidi kidogo figo zake zikiwa nzima zitaitoa kwa mkojo, mradi anakunywa na maji ya kawaida. La pili ni kubwa zaidi: sodiamu ya ORS haikuwekwa kufidia tu, imewekwa ili kuvuta maji.

Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna milango ya kupitisha sukari iitwayo glukosi. Mlango huo hauifungulii glukosi ikija peke yake, wala hauifungulii sodiamu ikija peke yake. Ziingie pamoja ndipo unafunguka. Zikishapita, maji huzifuata kwa nyuma. Mwanasayansi Robert Crane ndiye aliyeueleza utaratibu huu huko Praha mwaka 1960. Jambo la ajabu kwa mgonjwa wa kuharisha ni kwamba mlango huu huendelea kufanya kazi hata wakati sehemu nyingine za utumbo zimevurugwa na sumu ya kipindupindu na zinamwaga maji ovyo. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu zilikwisha na watu walikuwa wanakufa kwa kipindupindu. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza ndugu za wagonjwa wawanyweshe maji yenye glukosi na chumvi zilizopimwa. Vifo vilishuka kutoka karibu watu 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Hakukuwa na dawa mpya ya ajabu pale, ni huo mlango tu na vipimo sahihi.

Pakiti yenu ya leo ni mtoto wa ile ya Bangaon. Ikiwa ni ya lita moja, ina gramu 20.5: glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, chumvi ya potasiamu gramu 1.5, na sitreti gramu 2.9, ambayo kazi yake ni kupunguza ile asidi inayojikusanya mwilini mtu anapoharisha sana. Kwa hesabu ya kikemia, chembe za glukosi na chembe za sodiamu katika lita hiyo zinalingana idadi. Si bahati nasibu, ndivyo mlango unavyotaka. Zamani ilikuwa kali zaidi kidogo; tangu miaka ya 2002 na 2003 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamependekeza hii iliyopunguzwa nguvu, kwa sababu watoto walionekana kutapika kidogo na choo kupungua kuliko kwa ile ya awali.

Tazama sasa dafu mbele ya mlango huo. Sukari ipo, tena kwa kawaida mara mbili ya ile ya ORS au zaidi. Sodiamu ya kwenda nayo ndiyo haitoshi. Sukari inayokosa mwenzake hubaki utumbo­ni ikiyashikilia maji, na sehemu ya sodiamu hulazimika kutoka kwenye damu ya mtoto kuingia tumboni. Ndiyo maana mtu akinywa dafu jingi anapoharisha anaweza kuona choo kimezidi, akadhani amelishwa kitu kibaya. Dafu si baya kama soda kwa jambo hili, maana soda ina sukari mara nyingi zaidi na madini karibu hakuna, lakini kosa lao ni la ukoo mmoja.

Hatari nyingine haionekani haraka. Mtoto anayerudishiwa maji mengi yasiyo na sodiamu ya kutosha, yawe ya dafu, ya chai au ya bomba, anaweza kuonekana anakunywa vizuri na hata kukojoa, huku sodiamu ya damu ikizidi kushuka. Dalili yake ni usingizi usio wa kawaida, kulegea, kuchanganyikiwa, na ikishuka sana degedege. Familia huona mtoto amelala wakashukuru kwamba sasa anapumzika. Ukimwita na akaamka vizuri, akakutazama na kutaka kunywa, huyo amepumzika. Akiwa mgumu kuamka, hiyo ni safari ya hospitali hata kama ni usiku.

Lipo wazo ambalo nadhani litakuja kichwani mwa mama mkwe: si tutie chumvi kwenye dafu? Ni wazo la mtu mwenye akili, na limewahi kujaribiwa na watafiti pia. Nyumbani linakwama kwenye kipimo. Ili dafu maskini wa sodiamu afikie kiwango cha ORS, lita moja ingehitaji chumvi karibu gramu 4, yaani kijiko cha chai kisichojaa kabisa. Dafu lile tajiri lingehitaji chini ya gramu 2. Hujui una lipi, na mtoto wa kilo 13 ukimzidishia chumvi ni hatari kama kumpunguzia. Halafu dafu kwa sukari na potasiamu yake tayari ni zito kuliko ORS. Ukiongeza chumvi linakuwa zito kupita damu yenyewe, na kinywaji kizito kupita damu huvuta maji kuja tumboni badala ya kuyasukuma kwenda mwilini. Acheni dafu libaki dafu.

Nirudi kwenye neno moja la mtoto ambalo sikulipuuza: anasema ni chumvi. Kabla ya kumlazimisha, onja wewe. ORS iliyochanganywa sawasawa ina ladha ya chumvi iliyofichika nyuma ya utamu kidogo, haizidi chumvi ya machozi. Ikiwa inakukunja uso, kuna uwezekano mkubwa maji ni machache. Kosa ninaloliona mara nyingi ni pakiti ya lita moja kumiminwa kwenye chupa ya nusu lita kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, au unga kidogo kutiwa kwenye kikombe kwa kukadiria ili pakiti idumu. La kwanza linafanya sodiamu kuwa maradufu. Angalia pakiti imeandikwa nini, maana zipo pia ndogo za mililita 200 zenye gramu 4.1. Ya gramu 20.5 inataka lita moja kamili: chupa mbili za nusu lita zilizojaa hadi shingoni, siyo chupa ya lita moja na nusu, na pakiti yote kwa mara moja. Chemsha maji mpaka yatokote, yapoe, ndipo umimine unga. Huku kwetu juu maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, yanaweza kuwa kama 94, lakini kutokota kunatosha kuua vijidudu vya kuharisha. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga, changanya kingine.

Jambo jingine la huku kwetu ni baridi. Bibi nyingi hawapendi mtoto mgonjwa anywe kitu cha baridi asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba, wanairudisha ORS jikoni. Usiichemshe ikiwa imeshachanganywa: maji yanapungua kwa mvuke, chumvi inabaki, na umetengeneza ile kali tena. Mtoto akikataa ya baridi, weka kikombe chake ndani ya bakuli la maji ya moto dakika chache, itapata uvuguvugu bila kuharibika.

Na kama umeonja ukakuta ipo sawa, bado anakataa? Hapo mwangalie mtoto mwenyewe. Mtoto aliyepungukiwa maji kweli mara nyingi hunywa ORS kwa uchu, hiyo chumvi haimsumbui. Anayeikataa huku anacheza, machozi yanatoka akilia, mdomo una unyevu, na amekojoa katika saa chache zilizopita, huenda hajapungukiwa sana. Bana ngozi ya tumbo kwa vidole kando ya kitovu kisha uachie. Ikirudi papo hapo ni vizuri. Ikirudi polepole, macho yamezama, anakuwa mkali au anakunywa kama mwenye kiu isiyoisha, huyo amepungukiwa na anahitaji kunyweshwa kwa kipimo: mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne. Kwa kilo 13 ni karibu lita nzima, mililita 975, na ni vizuri afanyiwe hayo zahanati ambako wanaweza kumpima tena. Ngozi ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, au mtoto amelegea hawezi kunywa, usianze kunywesha nyumbani, nenda moja kwa moja. Vilevile choo chenye damu, kutapika kila anachokunywa, au homa kali.

Kwa mtoto ambaye hajafikia huko, kipimo ni rahisi: kila baada ya choo chepesi, nusu kikombe hadi kikombe kimoja cha chai, yaani mililita 100 hadi 200. Usimpe kwa mkupuo. Kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, hata akiwa anatazama kitu kingine. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena taratibu zaidi. Anayeona kikombe kizima mbele yake huwa na haki ya kukataa, kijiko hakimtishi. Zinki iendelee miligramu 20 kwa siku hadi zitimie siku 10, hata kama choo kitakuwa kimeshakaza siku ya tatu.

Jambo moja linalowafanya watu waitupe ORS ni kwamba choo hakikatiki. Hakikatiki kwa sababu si kazi yake. Kuharisha kwa namna hii kwa kawaida kutaisha kwenyewe ndani ya siku kadhaa. ORS inamvusha mtoto siku hizo akiwa na maji mwilini. Dafu nalo halikati choo, kwa hiyo ukilinganisha vyote viwili kwa kigezo hicho utavionea vyote.

Sasa nafasi halali ya dafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kuharisha unalitaja maji ya dafu kwa jina, kwenye kundi la vinywaji visivyo na chumvi ambavyo mtoto asiyepungukiwa maji anaweza kupewa nyumbani, pamoja na maji safi ya kunywa na supu isiyotiwa chumvi. Unalitaja tena kama chanzo cha potasiamu. Huo ndio upungufu niliosema nitaurudia: ORS inarudisha karibu nusu ya potasiamu iliyopotea, na nusu nyingine inapaswa kutoka sahanini. Kikombe kimoja cha dafu, mililita 200, kina potasiamu kama miligramu 400 hadi 500. Kwa mwanao ningeishia hapo kwa siku, katikati ya vyoo, si badala ya kile cha baada ya choo.

Lakini dada, uko Uyole. Ndizi moja mbivu ya wastani ina potasiamu kama miligramu 400, na ndizi za Rungwe zinapita mbele ya mlango wenu kila siku. Viazi mviringo navyo vina potasiamu tele. Vichemshe, viponde na mchuzi wa kuku uliotiwa chumvi kidogo, hapo amepata potasiamu kwenye kiazi na sodiamu kwenye mchuzi katika sahani moja. Minazi haiishi kwenye baridi yetu. Dafu la Mwanjelwa limetoka mbali likipigwa jua kwenye lori, na mengi yanayofika yameshaanza kuwa koroma. Ukiamua kununua, nunua zima lisilopasuka, likatwe mbele yako. Maji yaliyo ndani ya tunda zima ni safi. Kinachochafua ni panga, glasi iliyosuuzwa kwenye ndoo moja tangu asubuhi, na mrija. Beba kikombe chako. Yaliyokwisha kumiminwa kwenye chupa usiyaguse kwa mtoto mgonjwa, na ukiona yamegeuka rangi ya waridi, yana mapovu au harufu ya uchachu, hayo yamekaa.

Endapo pakiti zitaisha usiku na duka la dawa limefungwa, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa vitawavusha hadi asubuhi. Havina potasiamu wala sitreti, na hapo ndizi au kikombe cha dafu pembeni vina maana kuliko wakati mwingine wowote. Na niseme kwa ajili ya wengine watakaosoma: mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu kwa utapiamlo ana utaratibu wake tofauti hata wa ORS, asinyweshwe kwa vipimo hivi bila kupelekwa kituoni.

Nimwache mtoto niende kwa mzee. Hofu yake ya chumvi inaeleweka, kwa sababu kila kliniki ya presha anaambiwa apunguze. Lakini katazo lile ni la mtu anayeingiza chumvi kwa mdomo bila kuipoteza. Anayeharisha maji anaimwaga chumvi kwa kila choo, na presha yake ina uwezekano zaidi wa kushuka kuliko kupanda. Kikombe cha ORS cha mililita 250 kina sodiamu kama miligramu 430, sawa na chumvi iliyopungua kidogo robo ya kijiko cha chai, na anakinywa baada ya choo chepesi tu. Choo kikikaza anaacha, kwa sababu ORS si kinywaji cha kushindia. Akiwa na ugonjwa wa moyo au miguu inamvimba, kipimo apangiwe na daktari wake.

Kwake dafu ndilo linaloniogopesha, na sababu ni vidonge. Muulize anatumia vipi. Enalaprili, losatani na ndugu zao, pamoja na spironolaktoni, hulifanya figo libakize potasiamu mwilini. Mtu mzima akiharisha maji yanapungua, figo zinapata damu kidogo na zinapunguza kutoa potasiamu. Juu ya hapo kuna kidonge kinachoizuia isitoke. Halafu anakunywa madafu matatu kwa siku, ambayo kwa jumla yanaweza kubeba zaidi ya gramu 2 za potasiamu. Potasiamu ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo, na mara nyingine haitoi onyo zaidi ya udhaifu wa misuli. Mwenye figo zilizochoka kwa presha ya miaka mingi yuko karibu zaidi na hatari hiyo, na wengi hawajui kama figo zao zimechoka kwa sababu hawajapimwa.

Kwa hiyo mzee anywe ORS, dafu aliache mpaka tumbo litulie, na leo hii mpige simu au mwende kliniki anakochukulia vidonge mkawaeleze kwamba anaharisha. Baadhi ya vidonge hivyo, na vile vya kukojoza, daktari huvisimamisha kwa siku moja mbili mgonjwa anapopoteza maji, kisha huvirudisha. Asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe, na asiendelee kuvimeza kimyakimya akiwa anaharisha mara sita kwa siku. Akisimama akasikia kizunguzungu, au akapitisha nusu siku bila mkojo, asisubiri kliniki ya kesho.